Mwenye Nyumba Akikana, Karatasi Si Swali la Kwanza

Tangu Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilete mfumo wake wa kielektroniki wa kukusanya ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha, yaani eRITS, mwaka 2025, kumezuka ushauri fulani miongoni mwa wenye vyumba: usiandike kitu. Usimpe mpangaji mkataba, usimkatie risiti, mpokee kwa maneno na umtoe kwa maneno. Aliye na mapato ya kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anadaiwa asilimia 7.5 ya mapato hayo bila kutoa gharama, na wenye kutoa ushauri huu wanaamini kwamba pasipo karatasi hapana upangaji, na pasipo upangaji hapana ushuru. (Kiswahili chetu kinaita yote mawili "kodi", kwa hiyo hapa neno kodi litakuwa la nyumba, na la serikali litabaki ushuru.) Cha ajabu ni kwamba wapangaji nao wameimeza imani hiyohiyo. Anayeambiwa "mimi sikujui, nionyeshe mkataba" huanza kufungasha, kwa sababu anadhani kweli hana pa kusimama.

Imani hiyo ni potofu, na si kwa kiasi kidogo. Sheria ya Kenya haisemi kwamba upangaji wa chumba lazima uandikwe. Inasema karibu kinyume chake. Mwenye nyumba akikana, mara nyingi mpangaji hashindwi kuthibitisha kwamba upangaji upo. Anashindwa kuthibitisha masharti yake: dipoziti ilikuwa kiasi gani, kodi iliahidiwa kutopanda hadi lini, nani alisema nini kuhusu rangi na bomba. Watu hutumia nguvu zote kwenye swali la kwanza, ambalo ni jepesi, na kufika mikono mitupu kwenye la pili.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba mwenye ardhi akimruhusu mtu kuikalia ardhi hiyo, au sehemu yake, peke yake na kwa kulipa kodi, bila mapatano yoyote ya maandishi, ukaaji huo utahesabiwa kuwa upangaji wa vipindi. Kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa kwacho, kwa hiyo anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kifungu kinachofuata, cha 58, kinataja upangaji wa muda mfupi, yaani wa miaka miwili au chini yake usio na haki ya kuongezewa muda, pamoja na huo wa vipindi. Kinasema unaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi, na hausajiliwi. Tazama maneno yaliyo mazito katika kifungu cha 57: kuruhusiwa, kukaa peke yake, na kulipa kodi. Hakuna saini humo. Bunge lilijua kabisa kwamba vyumba vya Kisauni, Likoni na Kawangware havipangishwi mbele ya wakili, na likatunga sheria kwa ajili ya hali hiyo.

Wanaopinga wana hoja mbili, na moja si ya kupuuzwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inakataza kesi juu ya mkataba wa kuhamisha maslahi katika ardhi isipokuwa mkataba umeandikwa, umetiwa saini na pande zote, na saini zimeshuhudiwa. Wakili wa mwenye nyumba atakisoma kifungu hicho kwa sauti, na kwa masikio ya mtu wa kawaida kinamaliza kesi. Lakini Sheria ya Ardhi inarudia sharti hilohilo katika kifungu chake cha 38, na inalifungua kwa kuondoa yale ambayo sheria hiyo yenyewe imeyaruhusu kwa namna nyingine. Vifungu vya 57 na 58 ndiyo hiyo namna nyingine. Haiwezekani sheria moja iseme upangaji wa mdomo ni halali halafu isemwe haiwezi kufunguliwa kesi juu yake. Hata hivyo hoja hii ina mpaka, nao uheshimiwe. Mpangaji anayedai kwamba aliahidiwa kwa mdomo chumba kwa miaka mitano kwa kodi ileile amevuka miaka miwili, na ahadi ya muda huo haitamsaidia. Kitakachobaki mkononi mwake ni upangaji wa mwezi hadi mwezi, kwa sababu ameingia, anakaa na analipa.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosikika zaidi barazani: mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kisichoandikwa hakipo. Methali ni nzuri kwa muuza duka, lakini si kanuni ya ushahidi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inaruhusu kila jambo lithibitishwe kwa maneno ya mdomo, isipokuwa yaliyomo ndani ya hati. Kinachotakiwa ni shahidi aseme alichokiona au kukisikia yeye mwenyewe. Jirani aliyemwona mwenye nyumba akikabidhi funguo ana thamani kubwa. Jirani aliyeambiwa na mpangaji kwamba alikabidhiwa funguo hana thamani yoyote, hata akiwa mzee wa mtaa. Kipimo ni kile cha kesi za madai, yaani upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa kweli. Tena hata huyo mwenye karatasi asijitape mapema: mkataba wa upangishaji usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru huo na faini yake vilipwe.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Chumba namba 4 katika ploti moja ya Kisauni, kodi shilingi 8,000 kwa mwezi, inalipwa kila tarehe 5. Keateka alimwonyesha mpangaji chumba, akampigia mwenye nyumba simu, wakakubaliana bei, na tarehe 2 Machi mpangaji akatuma 16,000 kwa M-Pesa kwenye simu ya keateka: kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti. Kuanzia Aprili hadi Septemba alituma 8,000 kila mwezi, mara sita, moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba. Jumla ni 64,000. Tarehe 10 Septemba mwenye nyumba anamwambia: wewe si mpangaji wangu, ulikuja kama mgeni wa keateka, huyo nimeshamfukuza, dipoziti siijui, ondoka kabla ya Ijumaa.

Ukisikiliza vizuri, hapo kuna makanusho matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni kwamba hakuna upangaji. Hili huanguka upesi. Malipo sita ya kiasi kilekile, siku zilezile, kwa mtu yuleyule, huku anayelipa akiwa na funguo na analala humo, yanatimiza kila neno la kifungu cha 57. Lakini lazima tukubali jambo moja kwa haki ya mwenye nyumba. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilikwenda, hauthibitishi zilikwenda kwa nini. Watu hutumiana pesa kwa mkopo, kwa mchango wa harusi, kwa kumlipia rafiki kodi. Malipo moja peke yake yangeweza kuwa chochote. Yanapokuwa sita yanayofuatana, anayedai zilikuwa za jambo jingine ndiye atakayetakiwa na mahakama alitaje, na sentensi ya "alikuwa akinisaidia tu" ni ngumu kuisema mara sita bila kutetereka. Zaidi ya hapo, ikiwa aliwahi kumwandikia "kodi imechelewa" au kumtangazia kwamba kodi itapanda Januari, ameshakiri. Hapandishiwi kodi mtu asiye mpangaji.

Kanusho la pili ni kwamba keateka hakuwa na mamlaka. Hapa ndipo wapangaji wengi hukata tamaa bila sababu. Mwenye nyumba aliyemweka mtu langoni, akampa funguo za vyumba vitupu na kumwacha aonyeshe wageni, amewaambia watu wote kwa kitendo kwamba huyu anasema kwa niaba yangu. Kifungu cha 120 cha Sheria ya Ushahidi hakimruhusu mtu aliyemfanya mwenzake aamini jambo na kulitendea kazi ageuke baadaye na kulikana. Na hata kama keateka alivuka mipaka yake mwezi Machi, kupokea kodi kuanzia Aprili ni kukubali alichofanya. Hawezi kuchukua matunda ya mapatano na kuutupa mti. Picha ingebadilika kabisa kama malipo yote saba yangekwenda kwa keateka peke yake na mwenye nyumba hakuwahi kufika wala kuzungumza na mpangaji. Hapo kuna uwezekano wa kweli kwamba mwenye nyumba naye ametapeliwa, na mpangaji atalazimika kuonyesha kwamba wapangaji wengine wa ploti hiyo pia hulipa kwa njia hiyohiyo. Jirani wawili wa aina hiyo wana uzito kuliko hotuba ndefu.

Kanusho la tatu, la dipoziti, ndilo lenye meno. Sheria haitaji dipoziti kama sehemu ya lazima ya upangaji, kwa hiyo haiwezi kudhaniwa ipo kwa sababu upangaji upo. Ni sharti la mapatano, na anayelidai ndiye wa kulithibitisha. Bahati ya mpangaji wetu ni hesabu yenyewe: malipo ya kwanza ni 16,000, mara mbili kamili ya yale yaliyofuata, na hakuna mwezi ulioachwa bila malipo baadaye. Kama 16,000 ingekuwa kodi ya miezi miwili, basi Aprili asingedaiwa tena. Hapo hesabu inasema bila shahidi. Angalia lakini jinsi kesi hiyohiyo ingevurugika kama mpangaji angechelewa na kuruka mwezi wa Juni: 8,000 ya ziada ya Machi ingeonekana imefidia Juni, na dipoziti ingepotea. Mpangaji anayekaa "kwa dipoziti" mwezi mmoja anafuta kwa mkono wake ushahidi wake bora.

Masharti mengine ya pembeni ni magumu zaidi, na mshauri mkweli husema hivyo tangu mwanzo. "Alisema nikipaka rangi atanikatia kodi ya miezi miwili" ni madai yanayokufa mara nyingi, isipokuwa kama kodi ilikatwa kweli na mwenye nyumba akaipokea ilivyopungua bila kulalamika. Vilevile anayetia saini karatasi miezi mitatu baada ya kuingia, kwa sababu ameambiwa ni "ya kumbukumbu tu", ajue kwamba mambo yakishaandikwa kama mapatano, Sheria ya Ushahidi inazuia kwa sehemu kubwa kuleta maneno ya mdomo yanayopingana nayo. Karatasi inayosema hakuna dipoziti huifuta dipoziti ya mdomo. Ni bora kukosa karatasi kuliko kuwa na ya namna hiyo.

Kuna pia aina ya vyumba ambavyo hoja yangu haivifikii vizuri. Neno "peke yake" katika kifungu cha 57 lina kazi. Anayelala chumba kimoja na wengine watatu kwa kulipia kitanda, au aliyepewa chumba ndani ya nyumba ya familia ambamo mwenyewe huingia na kutoka apendavyo, anaweza kuonekana kuwa mgeni mwenye ruhusa na si mpangaji. Dalili za kuangalia ni za kawaida: nani ana funguo, je, mwenye nyumba hubisha hodi, tokeni za umeme za chumba hicho hununuliwa na nani. Na aliyelipa "kushika chumba" halafu asikabidhiwe funguo hajaanza kukaa, hivyo kifungu cha 57 hakimsaidii. Bado ana dai, lakini ni la kurudishiwa pesa, na hilo mara nyingi ndilo analolitaka.

Turudi kwa yule wa Kisauni aliyepewa mpaka Ijumaa. Akiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi ya kumwondoa isipungue kipindi kimoja cha upangaji, na iishe siku mojawapo ya kulipa kodi. Aliambiwa tarehe 10 Septemba. Mwezi mzima unatimia tarehe 10 Oktoba, na siku ya kodi inayofuata baada ya hapo ni tarehe 5 Novemba. Hiyo ndiyo siku ya mapema kabisa. Kama mwenye nyumba angesema kabla ya tarehe 5 Septemba, ingekuwa 5 Oktoba, kwa hiyo kuchelewa siku chache kumemgharimu karibu mwezi. Sheria haimzuii kumtoa mpangaji asiyemtaka, inamtaka apitie njia yake. Kufunga kufuli mlango, kung'oa bati au kukata umeme si sehemu ya njia hiyo.

Afanye nini mpangaji tangu tarehe 10? Kwanza asiache kulipa. Kosa linaloua kesi hizi ni kuzuia kodi kwa hasira, kwa sababu humpa mwenye nyumba sababu halali ambayo hakuwa nayo. Atume 8,000 tarehe 5 Oktoba kwa namba ileile, na mara moja afuatishe ujumbe: "Nimetuma 8,000, kodi ya Oktoba, chumba namba 4." Pesa zikirudishwa, ujumbe wa kurudishwa ni ushahidi kwamba alikuwa tayari kulipa. Pili, atoe taarifa ya M-Pesa ya kuanzia Machi kupitia *334#, inayotumwa kwa barua pepe, na asifute jumbe za awali kwenye simu, kwani katika taarifa hiyo namba ya mpokeaji huenda ikaonekana kwa sehemu tu ilhali ujumbe unabeba jina. Akichapisha jumbe au mazungumzo ya WhatsApp kwa ajili ya mahakama, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye simu gani na namna gani, kikiwa na saini. Watu wengi hupeleka picha za skrini peke yake, na upande wa pili huomba zitupwe. Tatu, ajue kwamba ujumbe mrefu wa kuorodhesha masharti yote, ukiandikwa baada ya ugomvi kuanza, una uzito mdogo, unaonekana umetengenezwa. Ujumbe uleule ukiandikwa wiki ya kwanza ya kuingia, wakati kila mtu anacheka, ni karibu sawa na mkataba, hasa mwenye nyumba akijibu "sawa".

Mlango wa kubisha unategemea anachotaka, na hapa wengi huchanganya. Chumba ambacho kodi yake ya kawaida kisheria haizidi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na baraza lake. Chumba cha 8,000 hakiko huko. Akitaka zuio asitolewe, aende mahakama ya hakimu yenye mamlaka ya kesi za ardhi, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akiwa ameshahama na anataka tu 8,000 zake, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya pesa zilizopokelewa na kushikiliwa, haihitaji wakili, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Lakini mahakama hiyo imekatazwa ugomvi wa umiliki na ukaaji wa ardhi. Anayeandika katika dai lake "nirudishiwe chumba na dipoziti" amejifungia mlango mwenyewe. Aandike kiasi, tarehe, namba ya muamala, na kwamba pesa zimeombwa na hazikurudishwa, basi. Upande wa pili utajaribu kulivuta dai liwe la ardhi. Asiwasaidie.

Mwenye nyumba aliyefuata ushauri wa kutoandika naye atazame alipojiweka. Siku atakapodai malimbikizo ya kodi, au kutaka dalali wa mnada akamate vyombo vya mpangaji chini ya Sheria ya Distress for Rent, Sura ya 293, atalazimika kusema kwamba upangaji upo, kwa sababu mgeni hadaiwi kodi. Hawezi kuukana mbele ya mahakama moja na kuudai mbele ya nyingine. Na zile 48,000 alizozipokea kati ya Aprili na Septemba ziko katika kumbukumbu za simu yake kama zilivyo katika za mpangaji. KRA haihitaji mkataba wa karatasi ili kuzisoma.